Kwa Neema, kuhusu e4 ya Jumamosi

Neema mwanangu,

Nimeirudia karatasi yako ya mchezo wa chesi jana jioni hapa Tabora, nikapanga kete tatu zilizobaki: mfalme wako d4, askari wako e2, mfalme mweusi d6. Zamu yako. Ulikuwa umeshashinda. Ukamrusha askari hatua mbili mpaka e4, mpinzani akaingia e6, mkapeana mikono kwa sare. Kukubali sare pale hukukosea, maana ushindi ulikuwa umeshaondoka. Kosa ni e4 yenyewe.

Najua ulichowaza: askari akifika e8 anakuwa malkia, basi akimbie. Lakini huyu hafiki bila mfalme wako kumfungulia njia. Askari akiwa e2, milango yake ni d4, e4 na f4. Mfalme wako akishika mmoja wapo, unashinda, na wewe ulikuwa umesimama d4! Sasa angalia: kila askari anaposogea, milango inasogea naye. Ulipompeleka e4, milango ikahamia d6, e6 na f6, na mfalme mweusi alikuwa amekaa juu ya mmoja wao. Umemhamishia adui mlango mpaka kwake.

Ungecheza e3. Hatua moja tu. Wafalme wanabaki wanatazamana, mraba mmoja katikati, na zamu ni ya mweusi. Kwenye chesi hakuna kusema napita, lazima asogee, na akisogea anakupisha. Akienda e6, unamkabili kwa e4. Kutoka hapo akikimbilia f6, unaingia d5. Akirudi d6, unaingia f5. Akianza kwa c6, unaingia e5 moja kwa moja. Kote huko mfalme wako anatangulia na askari anafuata nyuma.

Baada ya e4 yako, hata ungeng'ang'ania usingepata kitu. Nimejaribu: e5, yeye e7, mfalme d5, yeye d7, askari e6 akimshambulia mfalme, yeye e7, mfalme e5, naye anarudi nyuma wima, e8. Ukija d6 anakukabili d8. Ukisukuma e7 anarudi e8, na ukimlinda askari kwa e6, mweusi hana pa kwenda wala hajashambuliwa. Sare.

Askari ambaye hajaondoka nyumbani ana akiba: anaweza kwenda hatua moja au mbili. Akiba hiyo ndiyo inayokuwezesha kumwachia mwenzako zamu anapokuwa hataki kusogea. Wewe uliitumia yote kwa sekunde chache, na saa yako ilikuwa na dakika nne nzima. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu ulicheza vizuri sana mpaka kufika hapo; ule uamuzi wa kubadilishana ngome ulikuwa wa mtu mzima.

Jumamosi njoo mapema, kabla wenzako hawajafika. Nitacheza mweusi, wewe mweupe, kete hizo hizo tatu, mara kumi. Kisha tutageuza ubao.

Mwalimu wako