Ombi la kusahihisha fakitire ya maji ya mwezi wa 9

Lubumbashi, tarehe 6 Oktoba 2025

Kwa Bwana Shefu wa Ajansi, Kampuni ya Maji
Aboneman namba 07-41853, Komini Katuba

Bwana Shefu,

Nimepokea fakitire ya mwezi wa 9 yenye kudai faranga 187 000. Siwezi kuilipa jinsi ilivyo, kwa sababu namba iliyoandikwa siyo ile iliyo kwenye mita yangu.

Mwisho wa mwezi wa 8 mita ilisomwa 1284. Tarehe 26 Septemba kijana wenu alikuja, na kwenye fakitire imeandikwa 1392, yaani kubiki 108 kwa mwezi mmoja. Lakini tarehe 4 Oktoba, siku nane baadaye, nilipiga picha ya mita mbele ya jirani: inaonyesha 1306. Mita hairudi nyuma. Naamini siku ile ilikuwa 1302, na sifuri ikasomwa tisa. Mita iko ndani ya shimo karibu na geti, kioo chake kimejaa mikwaruzo, na simlaumu kijana.

Nilihofia pia bomba linavuja. Fundi alifunga robine zote, tukatazama kile kigurudumu kidogo cha mita kwa nusu saa: hakikusogea hata kidogo. Miezi mitatu iliyopita tulitumia kubiki 17, 19 na 18. Ni kweli ilikuwa kiangazi, ila bustani yetu ni tuta mbili za lengalenga, na tunazimwagilia maji ya kufulia.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Katika parseli tuko nyumba tatu, watu 11, na fakitire tunagawana. Wapangaji wangu wawili waliponiona na karatasi hii walidhani nimewaongezea. Ni watu tulioishi nao vizuri miaka sita. Sitaki waondoke kwa sababu ya tarakimu moja.

Kwa hiyo naomba mtume mtu asome mita tena nikiwepo, kisha mfute fakitire hii na mtoe nyingine kwa kubiki 18. Naomba pia 1302 iandikwe katika faili yangu mahali pa 1392. Ikibaki 1392, mwezi ujao mita itaonekana iko chini ya namba yenu, na nitaandikiwa forfeti, tuanze upya.

Sehemu ya kubiki 18 niko tayari kuilipa mara moja, mkinipa kiasi chake na risiti. Fakitire inasema mwisho wa kulipa ni tarehe 15 Oktoba. Nawasihi msitukatie maji wakati jambo hili bado linachunguzwa. Kuna mtoto mchanga katika parseli.

Naambatanisha kopi ya fakitire, picha ya mita na fakitire tatu za nyuma zilizolipwa. Asubuhi niko nyumbani kila siku, isipokuwa Jumapili.

Pokea, Bwana Shefu, salamu zangu za heshima.

Mama Neema,
mwenye parseli