Jedwali la mikataba ya kujitolea: posho, zamu na mwenendo

Tanga, 14 Februari 2025
Kwa: Mratibu
Kutoka: Katibu wa ofisi

Dada Mratibu, shikamoo.

Mikataba yote 9 ya wanaojitolea nimeisoma, na yale matatu uliyoyataka yako hapa chini: nani analipwa nini, anatakiwa zamu lini, na amekubali kujizuia na nini. Majina sikuyaandika. Jedwali hili litapita mikononi mwa kamati na pengine kwa mfadhili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata sisi wadogo. Orodha inayoonyesha K-01 ni nani iko kwenye faili jekundu, kabati la juu, na ufunguo unao wewe.

Mikataba si ya aina moja. Ya K-01, K-02, K-03, K-06 na K-09 ni fomu ya 2021, ya K-04, K-05 na K-07 ni fomu ya 2023, na K-08 ana barua ya mkono tu. Kwa hiyo watu wawili wanaofanya kazi ileile wanaweza kuwa wamesaini masharti tofauti.

| Namba | Kazi na kata | Posho iliyoandikwa | Zamu | Saa kwa mwezi |
|---|---|---|---|---|
| K-01 | Kutembelea wagonjwa, Makorora | Sh 60,000 kwa mwezi | Jumatatu na Alhamisi, saa 3:00 asubuhi–7:00 mchana | 34.7 |
| K-02 | Kutembelea wagonjwa, Mabawa | Sh 60,000 kwa mwezi | Jumanne na Ijumaa, saa 3:00 asubuhi–7:00 mchana | 34.7 |
| K-03 | Kutembelea wagonjwa, Pongwe | Sh 60,000 kwa mwezi, na nauli Sh 3,000 kila siku ya zamu | Jumatatu na Alhamisi, saa 3:00 asubuhi–7:00 mchana | 34.7 |
| K-04 | Kutembelea wagonjwa, Ngamiani | Sh 80,000 kwa mwezi | Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2:00 asubuhi–6:00 mchana | 52.0 |
| K-05 | Kutembelea wagonjwa, Duga | Sh 80,000 kwa mwezi | Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2:00 asubuhi–6:00 mchana | 52.0 |
| K-06 | Masomo ya jioni | Sh 5,000 kwa kipindi | Jumanne na Alhamisi, "9:00–11:00" | 17.3 |
| K-07 | Masomo ya jioni | Sh 5,000 kwa kipindi | Jumanne na Alhamisi, "3:00–5:00" | 17.3 |
| K-08 | Mapokezi ofisini | Sh 120,000 kwa mwezi | Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:00 asubuhi–7:00 mchana | 108.3 |
| K-09 | Kubeba na kugawa vifaa | Sh 10,000 kwa siku anapoitwa | Haijaandikwa | – |

Saa za mwezi nimezipata kwa kuzidisha siku za zamu kwa wiki na saa za kila zamu, kisha kuzidisha kwa wiki 52 na kugawa kwa 12. Ukizidisha kwa wiki 4 tu utapata pungufu, kwa sababu miezi mingi ina zaidi ya wiki 4. Fomula iliyoko kwenye faili la kompyuta, siku zikiwa safu ya D na saa safu ya E, ni hii:

```
=D2*E2*52/12
```

Tukilipa kila kilichoandikwa, bila K-09, ni takriban Sh 572,700 kwa mwezi. Humo nauli ya K-03 imechukua Sh 26,000 na walimu wawili Sh 86,700. Hicho ni kiwango cha juu, maana walimu hawalipwi wakati wa likizo za shule.

Kuhusu saa za walimu

K-06 na K-07 wanafundisha darasa moja, siku zilezile, chumba kilekile. Mmoja ameandikiwa 9:00 hadi 11:00 na mwingine 3:00 hadi 5:00, na wote wawili hawajakosea. Wa kwanza ameandikiwa saa ya Kiswahili, saa 9 alasiri. Wa pili fomu yake ya 2023 ilitafsiriwa kutoka ile ya Kiingereza, na aliyetafsiri akaacha tarakimu kama zilivyo. Nimejiridhisha kwa njia rahisi: saa 3 asubuhi watoto wako shuleni, kwa hiyo haiwezekani. Lakini mtu mgeni akishika mkataba wa K-07 ana haki ya kuja asubuhi, akukute umefunga, na kudai posho yake. Tuandike "saa 9:00 alasiri hadi saa 11:00 jioni", neno la wakati lisikosekane hata mara moja. Zamu za K-04 na K-05 pia ni za fomu ya 2023, ila hizo zina neno "asubuhi" na "mchana", na nimezilinganisha na daftari la mahudhurio zikakubaliana.

Kuhusu saa za K-04, K-05 na K-08

Hapa naomba uniwie radhi nikirefusha kidogo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa mojawapo ya mambo kadhaa lipo. Moja ni kwamba amemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mengine ni kama kupangiwa saa na namna ya kufanya kazi, kupewa vitendea kazi, na kumtegemea huyo anayemfanyia kazi kwa kipato. Kichwa cha mkataba kikisema "kujitolea", hilo peke yake halitoshi kumwondoa.

Watu huchanganya hii 45 na ile ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ambayo ni saa 45 kwa wiki na ni kikomo cha saa za kawaida za mwajiriwa. Ya kwetu ni 45 kwa mwezi. Ni kidogo sana, na mtu anaifikia bila kujua.

K-08 yuko mbali kabisa: saa 108. Tena barua yake, iliyoandikwa kwa mkono, inasema: "atapewa mshahara mdogo wa kujikimu wa shilingi laki moja na ishirini". Neno mshahara liko pale kwa wino, na chini yake sahihi na muhuri wetu. Maoni yangu, kwa heshima yote, huyu tusimtafutie maneno mengine. Anafungua ofisi kila siku, ana meza, anapangiwa saa. Ni mfanyakazi wa nusu siku, na kamati iamue kumwajiri kihalali au kupunguza kazi yenyewe.

K-04 na K-05 wana dawa nyepesi. Zamu tatu za saa 3 badala ya saa 4 zinawaleta kwenye saa 39 kwa mwezi. Ila tusisahau kwamba wagonjwa wa Ngamiani wamezoea muda wao, na saa ikipungua lazima mgonjwa mmoja aangaliwe na mwingine.

Sheria inaangalia kazi iliyofanyika, siyo iliyoandikwa. Kwa K-01 nilifungua daftari la mahudhurio kujaribu tu. Mkataba unasema siku 2 kwa wiki. Daftari linaonyesha Novemba siku 11, Desemba siku 9, Januari siku 13. Jumla siku 33, kwa saa 4 ni saa 132, wastani wa saa 44 kwa mwezi. Amebakiza saa moja. Wengine sijawapitia kwenye daftari. Nitaanza na K-02 Jumatatu.

Mwenendo

| Sharti | Fomu ya 2021 | Fomu ya 2023 | Barua ya K-08 |
|---|---|---|---|
| Kutunza siri za wagonjwa na familia | Lipo | Lipo | Halipo |
| Kutopokea zawadi wala pesa kwa familia | Lipo | Lipo | Halipo |
| Kutotoa dawa wala kuchoma sindano | Lipo | Lipo | Halimhusu |
| Kutompiga mtoto, kutobaki naye peke yake | Halipo | Lipo | Halipo |
| Kutopiga picha bila ridhaa | Halipo | Lipo | Halipo |
| Kutovaa fulana ya shirika kwenye siasa | Lipo | Lipo | Halipo |
| Kutoa taarifa ya tukio | "mapema" | ndani ya saa 24 | Halipo |
| Kukatwa posho kwa kuchelewa | Halipo | Lipo | Halipo |
| Notisi ya kuacha | Yeye siku 14, shirika hakuna | Pande zote siku 7 | Halipo |

Barua ya K-08 ina sharti moja tu la mwenendo: "awe mwaminifu na mwenye lugha nzuri kwa wageni".

La haraka kuliko yote kwenye jedwali hili ni la mtoto. K-06 yuko darasani na watoto mara mbili kwa wiki na hajasaini popote kwamba hatampiga mtoto wala kubaki naye peke yake. Sisemi amefanya lolote, wazazi wanamsifu. Nasema likitokea jambo, hatuna karatasi. Ninapendekeza asaini kiambatisho kabla ya kipindi cha Jumanne ijayo, na wale watatu wa kutembelea wagonjwa wenye fomu ya 2021 wasaini hichohicho, maana nyumba wanazoingia zina watoto.

Kipengele cha kukata posho kiko kwenye fomu ya 2023, aya ya 6: "Atakayechelewa zaidi ya mara tatu kwa mwezi atakatwa nusu ya posho." Sijaona kwenye vitabu vya malipo kwamba imewahi kutumika. Naomba tuifute. Posho ni ya kumsaidia mtu afike na ale, na ukianza kuikata kwa kuchelewa umeifanya ujira wewe mwenyewe, tena kwa maandishi.

Notisi ya fomu ya 2021 nayo inaona upande mmoja. Anayejitolea atoe siku 14, shirika "lina haki ya kusitisha wakati wowote bila maelezo". Siku 7 kwa wote, kama fomu mpya, inatosha.

Yaliyobaki wazi

K-09: ukurasa wa pili wa mkataba wake haupo kwenye faili, na huo ndio wenye zamu na sahihi. Posho ya Sh 10,000 nimeitoa ukurasa wa kwanza. Ameahidi kuniletea nakala yake.

K-03: nauli imeandikwa, ila mkataba haujasema kama muda wa kusubiri daladala ya Pongwe unahesabiwa ndani ya zamu. Yeye anahesabu, K-01 wa Makorora hana haja ya kuuliza kwa sababu anatembea kwa miguu. Uamuzi ni wako, ila ukiuhesabu, saa zake 34.7 zinapanda.

Posho ya Sh 60,000 dhidi ya Sh 80,000 wote wanaijua, na K-02 alishaniuliza mara mbili. Kwa saa, K-01 hadi K-03 wanapata karibu Sh 1,730 na K-04 na K-05 karibu Sh 1,540. Wenye posho kubwa ndio wanaopata kidogo kwa saa. Hilo sijamwambia K-02.

Mikataba halisi iko mezani kwako, nimeweka vipande vya karatasi ya njano kwenye kila aya niliyoinukuu.