Ripoti fupi ya michango ya kisima: hesabu kutoka kwenye skrinishoti, ahadi zilizobaki na hatua zinazofuata

Kwa: Mwenyekiti, Mweka Hazina na wanakamati wote wa kisima cha mtaa, Kibokoni, Mombasa
Kutoka: Katibu msaidizi
Tarehe: 27 Agosti 2025
Kwa ajili ya kikao cha Ijumaa, 29 Agosti, baada ya Isha

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote.

Kikao kilichopita kilinipa skrinishoti 14 za orodha ya michango, zilizopigwa kwenye kundi letu la WhatsApp kati ya tarehe 1 na 24 Agosti, nizigeuze ziwe hesabu moja ya kufanyia uamuzi. Nimezilinganisha na jumbe za M-Pesa zilizo kwenye simu ya mweka hazina, pamoja na daftari lake la pesa taslimu. Matokeo ni haya:

Lengo, kwa makadirio ya fundi: Sh 390,000
Ahadi halisi, watu 65: Sh 357,500
Zilizopokewa mkononi: Sh 249,500 (M-Pesa 214,500, taslimu 35,000)
Ahadi ambazo hazijalipwa: Sh 108,000
Pengo hata kila mtu akilipa: Sh 32,500

Kwa ufupi, pesa za kununua pampu tunazo leo. Za tangi hatuna bado, lakini tutazipata watu watano wakitimiza ahadi zao.

Kwa nini hesabu hii si ile ya kundini

Skrinishoti ya mwisho, ya tarehe 24, ina mstari wa chini unaosema ahadi ni 371,500 na zilizolipwa ni 268,000. Wengi wetu tumekuwa tukizitaja namba hizo, hata mimi niliwahi kumtajia fundi. Haziko sawa, na naomba nieleze kosa liliingia wapi, kwa sababu hakuna mtu aliyeiba wala aliyedanganya.

Orodha yetu huendeshwa kwa kunakili na kubandika. Mtu akitaka kujiandikisha, ananakili orodha ya juu, anaongeza jina lake chini na kuituma tena. Sasa tazameni picha ya tano na ya sita. Ya tano, saa 3:12 usiku, ina majina 31, na la 31 ni la mama mmoja wa nyumba za nyuma aliyeahidi 2,000. Ya sita, saa 3:14, pia ina majina 31, lakini la 31 ni la mtu mwingine kabisa. Watu wawili walinakili orodha ileile kwa wakati mmoja, na aliyetuma wa pili akamfuta wa kwanza bila kujua. Yule mama hakurudi tena kwenye orodha hadi leo, na pesa zake alikuwa ameshazituma. Wamepotea wanne kwa namna hii, wenye ahadi za jumla ya 8,500, na wawili kati yao walikwisha kulipa 2,500. Nimewarudisha. Ningeomba mweka hazina awapigie simu wale wawili waliolipa awashukuru kwa kinywa, maana kwa wiki tatu wameona majina ya wenzao yakitiwa tiki na yao hayamo.

Upande wa pili, wapo waliohesabiwa mara mbili. Mmoja ameandikwa kwa jina lake na tena kwa jina la duka lake, 10,000 kila mahali, na kote wametia tiki ilhali ujumbe wa M-Pesa ni mmoja tu. Mwingine yumo kwa jina lake na pia kama mama wa fulani, 3,000, hizo bila tiki. Nimewauliza wote wawili, wamethibitisha ni ahadi moja moja. Hivyo kutoka majina 63 ya picha ya mwisho tukaongeza wanne, tukatoa wawili, tukabaki na 65.

Mengine ni madogo. Namba 38 aliahidi 500, na katika picha ya tisa ni 500. Kuanzia picha ya kumi sifuri moja imeongezeka, akahesabiwa kwa 5,000 na kutiwa tiki. Namba 11 alipunguza ahadi kutoka 10,000 hadi 5,000 lakini jumla ya chini haikubadilishwa. Kuna pia 3,000 taslimu zilizomo daftarini ambazo kundini hazina tiki. Picha mbili zilikuwa marudio matupu, nimeziweka kando.

Tiki tatu ambazo pesa zake sikuziona

Hizi ni 9,500 na nimezihesabu kama hazijalipwa mpaka tupate uthibitisho. Nasisitiza: sisemi hazikutolewa.

Ya kwanza ni 6,000. Mchangiaji alinionyesha ujumbe wake wa M-Pesa, na ni ujumbe wa kweli. Nilipousoma tarakimu kwa tarakimu nikakuta namba aliyotumia inatofautiana na ya mweka hazina kwa tarakimu moja ya mwisho, na jina la mpokeaji si lake. Nimemshauri apeleke ujumbe uleule kwa 456 kuomba kurudishiwa. Wiki mbili zimeshapita, kwa hiyo matumaini si makubwa. Kwa maoni yangu kamati isimdai tena. Alitoa kwa nia safi, na akitaka kutoa upya iwe ni hiari yake.

Ya pili, 2,500, mwenyewe anasema alijitia tiki akikusudia kulipa mwisho wa mwezi. Ya tatu ni 1,000 taslimu aliyompa kijana mmoja barazani, siku mweka hazina alipokuwa safarini Lamu. Kijana anakumbuka kupokea pesa siku ile lakini hakumbuki kutoka kwa nani, na alikabidhi zote kwa pamoja. Huenda elfu hiyo imo ndani ya taslimu tulizonazo kwa jina la mtu mwingine. Mweka hazina na kijana wakae pamoja na daftari kabla ya Ijumaa, kwa upole.

Ahadi zilizobaki

Ukiondoa hizo 9,500, zinabaki 98,500 za watu 21. Saba wamelipa nusunusu na wamebakisha 31,500. Kumi na wanne hawajaanza, na ahadi zao ni 67,000.

Lakini msizitazame kama madeni 21 yaliyo sawa. Watu watano peke yao wana 63,000: mmoja aliahidi 30,000 akalipa nusu, mmoja 20,000, wawili 10,000 kila mmoja, na mmoja 8,000. Hiyo ni karibu thuluthi mbili ya kinachongojewa. Waliobaki 16 wana 35,500 kwa pamoja, wengi wao elfu moja, mbili au tatu, na kati yao nawajua wanaouza mahamri asubuhi na wanaongojea meli ishushe ndipo wapate kibarua. Hao tusiwabane. Wakikumbushwa mara moja inatosha.

Kuna pendekezo kundini kwamba majina ya wasiolipa yabandikwe kwenye ubao wa msikitini, kwa hoja kuwa ahadi ni deni. Ni deni kweli, lakini mdai mwema hamwaibishi mdaiwa mbele ya watoto wake. Nalipinga pendekezo hili kwa nguvu zote. Zaidi ya hapo, majina na namba za simu za watu ni taarifa zao binafsi, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ndiyo maana ripoti hii inataja namba za orodha tu. Majina yamo kwenye karatasi moja aliyonayo mweka hazina. Naomba pia tuwaambie watu waache kutuma kundini skrinishoti nzima ya ujumbe wa M-Pesa, kwa kuwa ujumbe huo unaonyesha salio lao. Nimeona salio za watu tisa katika kazi hii na sikupaswa kuziona. Namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi, pamoja na kiasi, yatosha.

Hatua ninazopendekeza

Bei ya fundi inashika hadi 10 Septemba: pampu na kebo 165,000, tangi la lita 10,000 kwa 98,000, mabomba na msingi 87,000, ufundi 40,000. Napendekeza Ijumaa tuidhinishe pampu na kebo pamoja na nusu ya ufundi, jumla 185,000. Tutabaki na 64,500. Tangi la zamani limepasuka ubavuni lakini bado linashika maji hadi nusu, kwa hiyo pampu ikifungwa maji yatatoka wiki ileile. Najua maji ya kisima chetu yana chumvi na hayanywewi, lakini ndiyo ya kufulia, kuogea na kutawadha, na sasa kina mama wanatumia ya mkokoteni kwa kazi hizo zote.

Wale watano wakilipa 63,000, tutakuwa na 127,500, tununue tangi na tubaki na 29,500 za kuanzia msingi. Mwenyekiti mwenyewe aende kwa yule wa 30,000 na yule wa 20,000, ana kwa ana, si kwa simu. Watatu waliobaki niachiwe mimi. Wale 16 watumiwe ujumbe wa faragha, kila mmoja kwa kiasi chake. Huu ndio niliomwandikia namba 22:

"Assalaam alaykum Ami. Natumai u mzima na nyumbani hawajambo. Kamati ya kisima inakushukuru kwa ahadi yako ya Sh 2,000. Tunataraji kununua pampu wiki ijayo, inshallah. Ukijaaliwa kabla ya tarehe 8 Septemba, tuma kwa namba ileile ya mweka hazina, na hakikisha jina lake limetokea kabla ya kubonyeza. Ikiwa mambo ni mazito kwa sasa, nijulishe tu, hakuna ubaya."

Pengo la 32,500 halina mwenyewe bado. Nashauri tusifungue mchango mpya sasa. Tuwaandikie wenye maduka wanaotumia maji hayo ambao hawajaahidi chochote. Nimewahesabu sita.

Mwisho, orodha ya kundini ifungwe kuanzia Ijumaa. Nimeihamishia kwenye jedwali ambalo tutaliandika watu wawili tu, mimi na mweka hazina, ahadi safu ya C na malipo safu ya D. Deni lote linajihesabu lenyewe:

```
=SUM(C2:C66)-SUM(D2:D66)
```

Leo linatoa 108000. Kila Ijumaa nitabandika kundini jumla tatu bila majina, na mwenye shaka juu ya mchango wake aje aone mstari wake kwangu au kwa mweka hazina.

Ninachoomba kikao kiamue ni mambo matatu: 185,000 zitolewe au la, nani aende na mwenyekiti kwa wale wawili, na suala la ubao lifungwe.

Wenu,
Katibu msaidizi