Mzigo wa Tendaguru: Unukuzi wa Ukurasa wa 7

Maelezo ya mnukuzi. Ukurasa huu ni wa katuni ya historia iliyochorwa na wanafunzi wa sekondari mjini Lindi, nami nimeunukuu kwa ajili ya wenzao wasioona, ambao watausoma kwa nukta nundu au kuusikiliza kwenye simu. Una fremu saba zilizopangwa katika safu tatu, na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, isipokuwa ndani ya fremu ya 4, ambako mpangilio unabadilika kwa sababu nitakayoieleza papo hapo. Tanakali za sauti nimeziweka pale pale jicho linapokutana nazo, wala sikuzikusanya mwishoni mwa fremu, kwa kuwa msomaji anayeletewa kishindo baada ya mazungumzo kwisha huwa ameshaambiwa kilichotokea kabla hajapata nafasi ya kushtuka. Herufi ambazo mchoraji amezirudia mara nyingi ili kurefusha sauti nimezipunguza hadi tatu, maana zikizidi hapo programu ya kusoma huzitaja moja moja na sauti hupotea.

SAFU YA JUU

Fremu ya 1. Inachukua upana wote wa ukurasa.

Kisanduku cha msimulizi, juu kushoto: "Mwaka 1910. Kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi ni takribani kilomita 60. Mfupa mdogo husafiri kichwani mwa mtu mmoja. Mkubwa hutundikwa kwenye mti na kubebwa mabegani na watu kadhaa."

Picha: Msafara wa wapagazi unapita katika nyasi kavu zinazofika kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakitoka kushoto kuelekea kulia. Mizigo imefungwa kwa vipande vya mianzi vilivyozungushiwa kamba.

Tanakali ya sauti, imeandikwa kufuata miguu ya wapagazi, ikianza kwa herufi ndogo upande wa kushoto na kukua kadiri wanavyotukaribia: "Chakacha, chakacha, chakacha!"

Kisanduku cha msimulizi, chini kulia: "Wataalamu wa Kijerumani walianza kuchimba hapa mwaka 1909. Mikono inayochimba na vichwa vinavyobeba ni vya watu wa huku, na msimamizi wao mkuu ni Boheti bin Amrani."

SAFU YA KATI

Fremu ya 2.

Picha: Saidi, kijana mwembamba, ameshika kwa mikono miwili mzigo ulio juu ya ngata kichwani mwake. Mbele yake anatembea mjomba wake, mtu mzima mwenye ndevu chache nyeupe, naye amebeba mzigo wake bila kuushika.

Saidi: "Mjomba, mzigo huu unaniponda utosi! Mmewekwa nini humu, mawe?"

Mjomba, bila kugeuka: "Mifupa, mpwa wangu. Ni mifupa iliyogeuka mawe."

Fremu ya 3.

Saidi: "Mifupa ya nani?"

Mjomba: "Wapo wanaosema ni ya zimwi. Mimi niliwahi kusimama kando ya mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele, ukanipita urefu. Tembo hafiki huko, na jina la kumpa mnyama huyo sinalo."

Kiputo cha mawazo cha Saidi, kimechorwa kama wingu lenye vijiduara vinavyoshuka hadi kichwani pake: "Nilifuata rupia za kulipia kodi, kumbe nimetwishwa zimwi!"

Fremu ya 4. Imeinamishwa upande, na mistari ya mpaka wake imekatika.

Maelezo ya mnukuzi: Tanakali ya kwanza inaanzia katika nafasi nyeupe iliyo kati ya fremu ya 3 na ya 4, kwa hiyo huonekana kabla ya picha yenyewe. Vipo pia viputo viwili vilivyo sawa kwa kimo. Cha kushoto ni cha Mjomba na cha kulia ni cha Saidi, lakini kiputo cha Saidi kimepandishwa juu ya ukingo wa kile cha Mjomba, na kwa maoni yangu mchoraji amefanya hivyo makusudi ili kisomwe kwanza, kwa sababu maneno ya Mjomba ni jibu na hayana maana yakitangulia. Ndiyo maana hapa tunaanza na kulia.

Tanakali ya sauti, kamba inakatika: "Katu!"

Picha: Saidi amejikwaa kwenye mzizi. Mzigo umeshatoka kichwani na uko hewani. Ngata inaanguka upande mwingine.

Saidi: "Mjombaaa!"

Tanakali ya sauti, herufi nene zinazojaza sehemu yote ya chini ya fremu, zikiwa zimezungukwa na vumbi: "Puuu!"

Mjomba, kiputo chenye kingo za miiba kuonyesha kwamba anapaza sauti: "Usiuguse! Ngoja nije!"

SAFU YA CHINI

Fremu ya 5. Haina maneno wala tanakali yoyote.

Picha: Mianzi imepasuka. Katikati ya nyasi kavu na udongo mwekundu uliotumika kuukinga, unaonekana mfupa wa rangi ya kahawia uliovimba mwishoni, nao una ufa mpya mwembamba. Vidole vya Saidi vimefika karibu yake, lakini havijaugusa.

Fremu ya 6.

Picha: Mjomba ametua mzigo wake na kupiga magoti. Saidi amechuchumaa upande wa pili wa mfupa, na goti lake linatoka damu kidogo.

Mjomba: "Umeumia?"

Saidi: "Goti tu, Mjomba. Nimeuvunja?"

Mjomba: "Umepata ufa, haujavunjika. Kusanya vipande vyote, hata vidogo kama punje, kisha nipe ile kamba ya ukili tuufunge upya. Kipande kitakachobaki hapa njiani, hakuna atakayejua kilitoka wapi."

Saidi, kiputo chenye mstari wa nukta nukta kuonyesha kwamba ananong'ona: "Tazama hapa ulipovimba. Hili ni goti lake, kama langu."

Kisanduku cha msimulizi wa leo, chenye mpaka wa mistari miwili ili kukitenga na masimulizi ya mwaka 1910: "Wanyama hawa waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mmoja wao, ambaye kiunzi chake kimeunganishwa kwa mifupa ya Tendaguru, anasimama katika jumba la makumbusho mjini Berlin akiwa na kimo kinachozidi mita 13."

Maelezo ya mnukuzi: Kisanduku hiki kimechorwa chini kabisa ya fremu. Kinavutia kwa ukubwa wake, na mtu anaweza kushawishika kukisoma mapema, lakini nimekiacha mwisho kwa kuwa mnong'ono wa Saidi ndio unaokifungulia njia.

Fremu ya 7. Ni nyembamba, kwenye ukingo wa kulia wa ukurasa.

Picha: Saidi na Mjomba wanakaza kamba kwa pamoja. Kwa mbali, wapagazi wengine wanazidi kwenda na kupungua ukubwa.

Tanakali ya sauti, kwa herufi ndogo zinazofifia: "Chakacha, chakacha."

Sauti kutoka nje ya fremu: "Nyinyi huko nyuma! Mmesimama kwa amri ya nani?"

Maelezo ya mnukuzi: Mkia wa kiputo hiki cha mwisho unatokea nje ya ukurasa, na msemaji wake haonekani mpaka fremu ya kwanza ya ukurasa wa 8. Sikumtaja hapa.