YAH: MAJI KUTOKA KWA KUSUASUA NA PRESHA NDOGO, NYUMBA ZA MLIMANI

Umoja wa Wakazi,
Kimara, Dar es Salaam.
3 Machi 2025

Meneja,
Mamlaka ya Maji,
Ofisi ya eneo letu.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangu katikati ya Januari, nyumba 64 za mtaa wetu zilizo upande wa juu zinapata maji mara moja au mbili kwa wiki, na ni usiku wa manane. Hakuna ratiba. Mama mmoja jirani yetu huacha bomba wazi na sufuria tupu chini yake, ili matone yakianza kugonga bati aamke. Siku maji yasipotoka, ananunua kwa mkokoteni, dumu shilingi 500, na madumu sita hayamtoshi na wajukuu wanne.

Jumamosi ya tarehe 22 Februari tulipima wenyewe. Saa tisa usiku, nyumba ya chini karibu na barabara ilijaza dumu la lita 20 kwa dakika mbili. Nyumba ya juu kabisa ilitumia dakika 23, bomba moja tu likiwa wazi. Tunafahamu kwamba kila mita 10 za kupanda hula presha ya takribani baa moja, kwa hiyo hatudai tulingane na wa bondeni. Lakini mwaka jana maji haya haya yalipanda hadi kwenye simtanki. Kuna kilichobadilika: huenda valvu haikufunguliwa yote baada ya matengenezo, au bomba linavuja, au wapo waliofunga pampu moja kwa moja kwenye laini na kuwanyonya wenzao. Kama ni wenzetu, tutashirikiana nanyi kuwaondoa.

Linalotuumiza zaidi ni mita. Maji yanapoanza kurudi, bomba hukoroma, hewa inatoka na mita inazunguka, nasi tunalipa. Na bomba likikaa tupu huweza kunyonya uchafu penye ufa. Maji ya kwanza hutoka ya kahawia, na hapa vyoo vya shimo viko jirani na mabomba. Hilo mlichukulie kwa uzito kabla mtoto hajaugua.

Tunaomba fundi aje na geji apime presha chini, katikati na juu ya mlima, usiku wa mgao, siyo mchana. Akague valvu, na laini ifungwe valvu ya kutolea hewa. Mita zinazolalamikiwa zipimwe. Ratiba ya mgao ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, na siku ikibadilika tutumiwe ujumbe wa simu.

Taarifa tulizopiga kwa simu, mara tano, zilipokelewa kwa heshima ila hakuna fundi aliyefika. Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya tarehe 17 Machi. Fundi akija, vijana wetu watamwonyesha laini inapopita.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya Umoja wa Wakazi

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Diwani wa Kata