Andalio la Somo: Wimbo na Shairi Kuhusu Kungoja

Somo: Fasihi, kidato cha tatu
Muda: dakika 80 (vipindi viwili mfululizo)
Wanafunzi: 42, vikundi 14 vya watatu
Zana: nakala za matini zote mbili katika ukurasa mmoja, kila moja na pambizo pana, penseli, kalamu nyekundu

Lengo: Kufikia mwisho wa somo mwanafunzi aweze kutia maelezo pembeni mwa matini zote mbili, na kueleza kwa ushahidi wa maneno yenyewe jinsi kiitikio cha wimbo na kibwagizo cha shairi vinavyofanya kazi tofauti.

Matini zote nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya kipindi hiki, ili asiwepo mwenye kukariri uchambuzi wa mwongozo.

Wimbo

Kiongozi: Basi la kwanza limefika, hakushuka.
Wote: Bado, bado, anakuja.
Kiongozi: Maji ya kuoga yamepoa, nimeyarudisha jikoni.
Wote: Bado, bado, anakuja.
Kiongozi: Mtoto kaniuliza, nikamwonesha njia.
Wote: Bado, bado, anakuja.
Kiongozi: Basi la mwisho limefika, limezima taa.
Wote: Bado, bado, anakuja.

Shairi

Umeondoka mwandani, taa yako naiwasha,
Nimekaa mlangoni, usiku kucha nakesha,
Upepo huja njiani, hucheka na kunitisha,
Rudi ewe wa moyoni, kungoja kunanichosha.

Siku imezaa siku, subira imenitoka,
Kivuli changu usiku, ndicho ninachokishika,
Ninayo kubwa shauku, machozi nimeyazika,
Rudi ewe wa moyoni, kungoja kunanichosha.

Utangulizi (dakika 10)
Karatasi zisigawiwe bado. Naimba sehemu ya kiongozi, darasa linaitikia huku likipiga makofi. Tunaimba mara mbili. Mara ya pili napunguza kasi kwenye mstari wa basi la mwisho, na sisemi kwa nini. Wimbo ukianza kusomwa kimya kwenye karatasi, nusu ya mambo yake yamekwishapotea.

Kutia maelezo (dakika 35)
Nagawa karatasi. Penseli ni ya umbo, kalamu nyekundu ni ya maana. Kila alama iambatane na neno moja au mawili pembeni. Kupigia mstari peke yake hakuhesabiki.

Kwenye shairi watahesabu mizani. Watapata 8 kwa 8 kila mshororo, na tarbia wataitambua upesi, hapo tusikae. Nitawauliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini "kubwa shauku" badala ya "shauku kubwa"? Wengi watajibu "idhini ya mshairi" na kutulia. Waambiwe wajaribu kugeuza: mizani inabaki 8 ile ile, kinachovunjika ni kina cha -ku. Pili, kibwagizo kinapatana na vina vya ubeti wa kwanza (-ni, -sha), lakini katika ubeti wa pili kinasimama peke yake. Anayengoja amebaki na sentensi ile ile wakati kila kitu kinachomzunguka kimebadilika.

Kwenye wimbo, mistari ya kiongozi haina mizani sawa: wa kwanza una 13, wa maji ya kuoga una 19. Kiitikio kina 8 daima. Wataje pembeni ni nani anayeyumba na ni nani aliyesimama imara.

Kulinganisha (dakika 25)
Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kila kikundi kichore mshale mmoja tu kutoka wimbo hadi shairi na kutetea mshale huo mbele ya wenzao. Nikisikia "vyote vina takriri", nitauliza: nani anarudia, na anamwambia nani? Katika shairi sauti ni moja, inamwita asiyekuwepo, na imechoka tangu ubeti wa kwanza. Katika wimbo wanaoitikia wanamwambia kiongozi, na maneno yao hayabadiliki hata herufi. Baada ya basi la kwanza yanafariji. Baada ya taa kuzimwa, je? Wengine watasema bado ni faraja, wengine watasema ni uongo wa huruma. Nisiamue. Wapinzani warudi kwenye mstari wa mtoto: mzazi amemwonesha njia, hakumjibu.

Tahadhari kwangu: kuna wanafunzi ambao kwao kungoja si mada ya darasani tu. Nisimlazimishe yeyote kutoa mfano wa nyumbani.

Tathmini (dakika 10, kisha kazi ya nyumbani)
Darasani: kila mmoja aandike sentensi mbili kuhusu neno moja alilolipigia mstari katika kila matini.
Nyumbani: atunge ubeti wa tatu wa shairi, kibwagizo kibaki kilivyo, na auwekee maelezo pembeni kama alivyofanya leo. Alama 10: umbo 3, maelezo ya pembeni 5, usafi wa lugha 2. Ubeti wenye mizani kamili usio na maelezo hauwezi kuvuka alama 5.