SHERIA ZA BANDA LA GEMU KUHUSU VINYWAJI, PADI NA NYAYA

Karibu, mteja. Banda letu la hapa Mbagala lina mashine tatu za PS4 na padi sita tu, na padi moja ikipelekwa kwa fundi, benchi zima hubaki na mtu mmoja anayecheza na mashine huku mwenzake akitazama. Kwa hiyo kila anayeingia, mkubwa kwa mdogo, anaombwa azisome sheria hizi kabla ya kulipia mechi ya kwanza. Asiyeweza kusoma atasomewa na mhudumu.

VINYWAJI NA VYAKULA

Soda, juisi, chai na kinywaji chochote kisichofungwa huachwa kwenye rafu iliyo kando ya mlango, nawe unaweza kwenda kunywa wakati wowote, mradi usimamishe mechi kwa kitufe cha OPTIONS mpira ukiwa umetoka nje, ili mpinzani wako asilalamike. Maji ya chupa yenye kizibo yanaruhusiwa kwenye benchi, lakini chupa ikae sakafuni upande usiopitiwa na nyaya, na kamwe isiwekwe juu ya meza ya tivi. Tunatofautisha maji na soda kwa sababu padi iliyoingia maji na kukaushwa mapema mara nyingi huokolewa na fundi, ilhali sukari ya soda huganda chini ya vitufe, na kitufe kinachonata hakirudi juu kinapobonyezwa.

Chipsi, mihogo ya kukaanga, barafu na ubuyu huliwa nje. Ukimaliza, nawa kwa sabuni kwenye ndoo iliyopo barazani, kisha kausha mikono kabisa kabla ya kushika padi. Walaji wa ubuyu tunawasisitizia zaidi, maana rangi yake tumeikuta hadi kwenye vioo vya tivi.

PADI

Kabla mechi haijaanza, jaribu vitufe vyote na vijiti vyote viwili. Ukiona mchezaji wako anatembea ilhali hujagusa kijiti, mwambie mhudumu hapo hapo, na ubovu huo hautahesabiwa kuwa wako. Kijiti kikishafika mwisho wake, kukikandamiza zaidi hakumwongezei mchezaji mbio. Kunachakaza tu sehemu za ndani, na hivyo ndivyo padi zinavyoanza kwenda zenyewe.

Padi hairushwi, haigongwi kwenye goti wala haining'inizwi kwa waya wake. Tunaujua uchungu wa kufungwa dakika ya 90, lakini anayepiga padi chini anasimamishwa kucheza kwa siku hiyo, hata kama padi haikuvunjika. Ukimaliza, mkabidhi mhudumu mkononi, usiiache kwenye benchi ambako mwingine ataikalia.

NYAYA

Nyaya zote zimepitishwa ukutani nyuma ya meza, nasi tunaomba mtu yeyote asipite huko wala kusogeza benchi bila ruhusa. Waya wa kuchajia padi huchomolewa kwa kushika kichwa chake, si kwa kuvuta waya, kwa kuwa tundu la padi ni dogo na hulegea upesi. Waya wa HDMI unaguswa na mhudumu peke yake: kichwa chake kina pini 19 nyembamba, na kikisukumwa mshazari kinaweza kuharibu tundu la mashine, nayo ikawaka bila kuonyesha picha.

Ekstensheni ni ya vifaa vya banda tu. Simu haichajiwi hapo, wala kwenye tundu la USB la mashine.

KINYWAJI KIKIMWAGIKA

Acha kucheza na umwite mhudumu kwa sauti. Usiguse soketi wala mashine, hasa ukiwa na mikono iliyolowa au miguu mitupu, kwa sababu umeme wa ukutani ni wa volti 230; mhudumu ndiye atakayezima swichi. Padi iliyolowa igeuzwe vitufe vitazame chini, isitikiswe, isibonyezwe kujaribiwa na isichomekwe kwenye chaji.

FIDIA

Uchakavu wa kawaida ni juu yetu. Aliyeharibu kifaa na kusema mara moja atalipa gharama ya fundi tu, kwa risiti ambayo ataonyeshwa. Aliyeficha atalipa gharama hiyo pamoja na muda wote ambao benchi lilikaa bila kazi. Mtoto akiharibu kifaa, tutazungumza na mzazi au mlezi wake, na hatutazuia begi wala madaftari yake ya shule.

Umeme ukikatika katikati ya mechi, weka padi mezani na ubaki umekaa mpaka mhudumu azime swichi zote, kwani huweza kurudi kwa kishindo. Muda uliobaki utaandikwa kwenye daftari la kaunta, nawe utaumalizia siku hiyo au kesho yake.